Kuchota kichwani au kusoma upya: mwongozo kamili wa kuishika glikolisisi kwa wiki moja

Wanaoniandikia baada ya mtihani wa biokemia husema jambo moja kwa maneno tofauti. "Kaka, glikolisisi niliisoma mara sita. Nikiwa naisoma niliielewa yote. Swali likaja, nikabaki na glukosi juu ya karatasi, piruvati chini, katikati peupe." Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, hatua kwa hatua.

Mfano wote utakuwa glikolisisi, njia ambayo seli huivunja glukosi mpaka iwe piruvati. Ndiyo njia ya kwanza ya umetaboli ambayo wengi hufundishwa, na ndiyo ya kwanza kuwaangusha. Ukishaweza kuishika kwa utaratibu huu, mzunguko wa Krebsi na mzunguko wa urea utavishughulikia kwa karatasi zilezile.

Nikisema "kuchota" namaanisha kufunga kitabu na kutoa jambo kichwani, kwa kuandika au kwa kusema, kisha kulisahihisha. "Kusoma upya" ni kule kurudi kwenye kurasa zilezile, na kupaka wino wa njano mistari ambayo tayari ina wino wa njano.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi 10 za A4. Upande wa nyuma wa fotokopi za zamani unatosha.
- Kalamu mbili: ya bluu ya kuchota, nyekundu ya kusahihisha. Usizichanganye.
- Ukurasa mmoja tu wa kusahihishia, wenye mchoro wa glikolisisi kutoka kitabu cha maktaba au maelezo ya mhadhiri. Ukiwa na michoro mitatu utapoteza muda kulinganisha majina, kwa sababu vitabu huita kimeng'enya kimoja kwa majina mawili.
- Kadi ndogo 20, au karatasi nne za A4 zilizokatwa.
- Saa. Simu ikiwa ndiyo saa yako, zima data.

Halafu jambo la lugha. Sisi tunaosoma Kampala, Mbarara au Ishaka tukitokea Kisumu, Bukoba, Bunia au Kasese hujadiliana kwa Kiswahili, lakini mtihani ni wa Kiingereza. Eleza sababu kwa Kiswahili upendavyo, maana ndiko unakoelewa. Majina ya vimeng'enya yaandike kwenye karatasi ya kuchota kama yatakavyotakiwa kwenye mtihani, herufi kwa herufi. Nimeona mtu anayeijua hatua vizuri akapoteza alama kwa sababu hakuwahi kuliandika lile jina kwa mkono wake, alikuwa analitamka tu.

## Kwa nini kusoma upya kunadanganya zaidi kwenye njia za umetaboli

Mchoro wa glikolisisi una mishale. Ukisoma kutoka juu, kila jina linakukumbusha linalofuata: umeona F6P, yaani fruktosi yenye fosfati moja, jicho limeshateremka kwenye F1,6BP yenye fosfati mbili, na kichwa kinasema "ndiyo, hii naijua." Ulichofanya ni kutambua. Mtihani hautaki utambue, unataka utoe. Tena hauanzii juu kila mara. Unaweza kukutupa katikati na kukuuliza nini kitarundikana enolasi ikizuiwa.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha utafiti katika jarida la Science, na kwetu una kichekesho chake: wanafunzi wa chuo Marekani walipewa maneno 40 ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, "mashua" likiwa mojawapo. Kundi lililoendelea kujipima kwa kila neno, hata lile walilokwisha kulijua, lilikumbuka karibu asilimia 80 baada ya wiki moja. Wale ambao neno wakishalipata mara moja waliacha kujipima kwalo walikumbuka karibu asilimia 35, hata walioendelea kulisoma na kulisoma. Na kabla ya mtihani makundi yote yalijikadiria sawa, kama nusu ya maneno. Yaani aliyekuwa anaanguka hakujijua kwamba anaanguka.

Utafiti wao mwingine wa mwaka 2006, uliotumia vifungu vya habari, unaeleza kwa nini watu hawaachi kusoma upya. Dakika 5 baada ya kusoma, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi ya waliojipima. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Kwa hiyo ukisoma usiku ukajipima usiku uleule, kusoma upya kutakuonyesha umeshinda. Mtihani wako hauko baada ya dakika 5.

## Hatua ya 1: Soma mara moja, ukitafuta sababu (dakika 40)

Huwezi kuchota kisimani pasipo maji. Somo la kwanza ni la kusoma kweli, kitabu kikiwa wazi, na hapa siharakishi mtu. Lakini usisome majina. Soma kwa nini kila hatua ipo. Mimi husimulia hivi.

Glukosi ina kaboni 6, na ilivyoingia kwenye seli inaweza kutoka. Heksokinasi inaibandika fosfati kwa gharama ya ATP moja. G6P inayopatikana, yaani glukosi yenye fosfati, haina njia ya kupita kwenye utando, imefungiwa ndani.

Hatua ya pili wengi huiona ni ya bure. Isomerasi inaigeuza G6P kuwa F6P, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Tazama mbele uone kinachoandaliwa: molekuli inakwenda kukatwa vipande viwili sawa. Aldolasi hukata kwa kufuata mahali lilipo kundi la kabonili. Kwenye glukosi liko kaboni ya 1, na kukata kwa hesabu hiyo kungetoa kipande cha kaboni 2 na kingine cha kaboni 4. Likihamia kaboni ya 2, kama lilivyo kwenye fruktosi, mkato unaangukia kati ya kaboni ya 3 na ya 4. Tatu kwa tatu.

Hatua ya tatu, fosfofruktokinasi inabandika fosfati ya pili, na ATP nyingine imekwenda. Sababu ni ileile ya mkato: kila nusu itoke na fosfati yake. Hatua ya nne, aldolasi inakata, tunapata DHAP na GAP. Ya tano, isomerasi ya triosi inaigeuza DHAP kuwa GAP ili zote mbili zifuate barabara moja. Hapa andika "×2" kubwa pembeni. Kuanzia mstari huu kila kitu kinahesabiwa mara mbili.

Hatua ya sita ndiyo moyo wa safari. Dehidrojenasi inaichukulia GAP elektroni na kuzikabidhi kwa NAD+, ikawa NADH, na papo hapo inabandika fosfati iliyokuwa ikielea huru, isiyotoka kwenye ATP yoyote. Tunapata 1,3BPG. Fosfati hiyo ya bure ndiyo faida ya glikolisisi. Nyingine ni mkopo unaorudishwa.

Saba, fosfogliserati kinasi inaipa ADP fosfati moja. Ikifanyika mara mbili, deni la ATP 2 limelipwa. Nane, mutasi inahamisha fosfati iliyobaki kutoka kaboni ya 3 hadi ya 2. Tisa, enolasi inatoa maji, na PEP inayobaki ina fosfati iliyo tayari kuachia kwa nguvu nyingi. Kumi, piruvati kinasi inaikabidhi ADP, na tumefika kwenye piruvati.

Hatua ambazo kwenye seli hazirudi nyuma ni tatu: ya 1, ya 3 na ya 10.

Onyo: usipake rangi. Wino wa njano unalipa jicho kazi na kuacha kichwa kimelala.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu, kitabu kikiwa wazi mbele yako, kwa nini hatua ya 2 ipo na kwa nini ya 8 inatangulia ya 9. Kama huwezi, usiende hatua inayofuata. Kuchota usichokielewa ni kukariri namba za simu za watu usiowajua.

## Hatua ya 2: Karatasi tupu (dakika 12)

Usianze papo hapo. Kaoge, kanunue roleksi ya chapati na mayai, rudi baada ya saa moja au zaidi. Ukianza kitabu kikiwa bado na joto la mikono yako utaandika kilichobaki machoni, na utajidanganya.

Kitabu kiwe nje ya macho, si kwenye mapaja. Andika "glukosi" juu, washa saa ya dakika 12, uteremke. Usipokumbuka jina, chora mstari mtupu, andika idadi ya kaboni kama unaijua, uendelee. Usikae dakika 4 kwenye jina moja.

Kutakuwa na uchungu. Dakika ya tatu hivi mkono utaanza kutafuta kitabu wenyewe. Ni hapo hasa kazi inapofanyika: kule kutafuta kichwani, hata kusipozaa, kunayafanya majibu yashike utakapoyaona dakika chache baadaye.

Onyo: usichungulie "mara moja tu". Ukichungulia hatua ya 4, ya 5 na ya 6 zitakuja zenyewe kwa kufuata mshale, na hutajua kama ulikuwa unazijua.

## Hatua ya 3: Kalamu nyekundu na alama 29

Sasa fungua ukurasa wako wa kusahihishia. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na kuiruka kuna hatari kubwa kuliko kutochota kabisa. Kosa lililoandikwa kwa mkono wako bila kusahihishwa linakuwa lako, na kesho utalichota kwa kujiamini.

Mkondo wa majina ni huu:

```
Glukosi → G6P → F6P → F1,6BP → DHAP + GAP
GAP → 1,3BPG → 3PG → 2PG → PEP → Piruvati   (×2)
```

Toa alama hivi. Majina 11 ya vitu vinavyobadilika, ukihesabu glukosi na piruvati. Vimeng'enya 10. Mahali 5 pa nishati: ATP inatumika hatua ya 1 na ya 3, inapatikana ya 7 na ya 10, NADH inapatikana ya 6. Hatua 3 zisizorudi nyuma. Jumla 29. Andika alama na tarehe kwenye kona ya karatasi, na karatasi usiitupe.

Nikuonyeshe karatasi moja ilivyokuwa. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza, tuliyekuwa tunakaa naye hosteli moja Wandegeya, Kampala, alikuwa amesoma sura nzima mara nne na daftari lake lilikuwa la njano tupu. Nikampa karatasi na dakika 12. Alipata majina 7, vimeng'enya 4, nishati 2, zisizorudi nyuma 1. Alama 14 kati ya 29. Alikasirika, akasema haya yote anayajua. Alikuwa anayatambua.

Kilichonivutia zaidi ya alama ni aina ya makosa. Hatua ya 1 hadi ya 3 ziliandikwa safi, maana kila mara aliposoma upya alianzia juu, akichoka anaacha. Katikati, DHAP ilikuwa imening'inia, haiendi popote. Na hatua ya 10 aliandika piruvati kinasi *inatumia* ATP.

Kosa hilo la mwisho nimelikuta kwa watu wengi, na lina sababu. Mtu amefundishwa kwamba kinasi ni kimeng'enya kinachotoa fosfati kwenye ATP na kuibandika kwenye kitu kingine. Heksokinasi inafanya hivyo, fosfofruktokinasi pia. Lakini fosfogliserati kinasi na piruvati kinasi zimeitwa kwa kuangalia mwendo wa kinyume. Kwenye glikolisisi zinafanya kazi upande wa pili: zinatoa fosfati kwenye kitu na kuipa ADP. Angeweza kusoma mchoro ule mara kumi zaidi asigundue kwamba kichwani kwake mshale umegeuka, kwa sababu mchoro hauulizi. Karatasi tupu ilimfichua kwa dakika 12.

Kwa hiyo ukisahihisha, usiandike jibu tu kwa wino mwekundu. Andika sababu kwa maneno machache: "hapa kinasi inatengeneza ATP, jina ni la kinyume." Kila kosa la namna hiyo litengenezee kadi. Mbele swali, nyuma jibu na sababu. Usitengeneze kadi za vitu ulivyopata. Ndivyo watu wanavyoishia na kadi 200 wasizozigusa.

Utajua umefaulu ikiwa karatasi ya pili, siku inayofuata, haina kosa lilelile mahali palepale. Alama kupanda ni jambo la pili. Makosa kuhama ni dalili ya kwanza.

## Hatua ya 4: Ingia kwa mlango wa katikati

Ukishafika alama 22 au zaidi, acha kuanzia glukosi. Anayeanzia juu kila mara hujifunza wimbo, na wimbo ukikatwa katikati lazima uanze upya.

Andika jina la kila kitu kwenye kadi yake, mbali na kadi za makosa, zichanganye, chota moja bila kutazama. Imekuja 3PG. Sema kwa sauti: imetoka wapi, inaenda wapi, kimeng'enya gani kila upande, ina kaboni ngapi, fosfati iko kaboni ipi. Kisha rudi nyuma hatua mbili, teremka hatua mbili. Kurudi nyuma ndiko kunakouma, kwa hiyo ndiko kuzuri.

Kazi hii haihitaji meza. Ndani ya taksi kutoka Wandegeya mpaka Ntinda unaweza kumaliza kadi 10 kabla kondakta hajakudai nauli. Na umeme ukikatika hosteli nzima ikaingia giza, anayesoma upya ndio mwisho wake. Wewe unalala chali unaisimulia dari kutoka PEP kurudi F6P.

## Hatua ya 5: Maswali ya "ingekuwaje"

Hapa ndipo majina yanapogeuka kuwa kitu. Swali ninalolipenda liko kwenye maabara yoyote ya hospitali: kichupa cha damu chenye kifuniko cha kijivu, kile kinachotumika kupimia sukari. Ndani yake kuna floraidi. Kwa nini?

Jibu la haraka: seli za damu zinaendelea kula glukosi hata zikiwa ndani ya kichupa, na sampuli ikikaa mezani majibu yatatoka chini kuliko ukweli. Floraidi inazuia enolasi, glikolisisi inasimama. Wengi huishia hapo na kupata nusu ya alama.

Sasa chota zaidi. Enolasi ni hatua ya ngapi? Ya 9. Kitakachorundikana kwanza ni kipi? 2PG, na nyuma yake 3PG, kwa kuwa mutasi inakwenda pande zote mbili. Na je, glukosi itaacha kupungua papo hapo? Hapana. Heksokinasi iko hatua ya 1, mbali juu ya kizuizi, na haijaguswa. Itaendelea kuibandika glukosi fosfati mpaka msongamano ufike juu na ATP ianze kuadimika. Ndiyo maana sukari huendelea kushuka kwa muda, saa moja au mbili za mwanzo, hata ndani ya kifuniko cha kijivu, na ndiyo maana maabara makini hukimbilia kutenganisha plazma au kuweka sampuli kwenye barafu.

Angalia ulichohitaji kujibu hilo: nafasi ya enolasi, mwelekeo wa mutasi, nafasi ya heksokinasi. Ni majina yaleyale ya karatasi tupu, ila yamelazimishwa kufanya kazi.

Mawili mengine ya kujichotea mwenyewe, nitayapitia kwa haraka. Seli nyekundu za damu hazina mitokondria. NADH ya hatua ya 6 inaishia wapi? Inaigeuza piruvati kuwa laktati, ili NAD+ irudi, la sivyo hatua ya 6 inakwama. Na piruvati kinasi ikikosekana kabisa, seli inabaki na ATP ngapi kwa kila glukosi? Sifuri: imetumia 2, imepata 2 za hatua ya 7, basi. Ukisahau kuweka "×2" utapata jibu la ajabu, na hapo ndipo utajua umeisahau.

Udhibiti nao uingie hapa, si kabla. Fosfofruktokinasi inazuiwa na ATP nyingi na sitrati, inaamshwa na AMP na F2,6BP. Ukiubandika kwenye mifupa isiyoshika, utadondoka nayo.

## Ratiba ya wiki

Nimechukulia mhadhara uko Jumatatu asubuhi. Kama wako ni Jumatano, sogeza siku, ila mapengo yaache yalivyo. Mapengo ndiyo dawa: unachota pale ambapo umeanza kusahau.

Jumatatu. Alasiri, hatua ya 1 ya mwongozo huu, dakika 40. Usiku, karatasi tupu ya kwanza na kalamu nyekundu, dakika 25 kwa jumla. Usitarajie zaidi ya nusu ya alama.

Jumanne. Karatasi ya pili, dakika 10, *kabla* ya kugusa kitabu. Wengi huanza kwa "kujikumbusha kidogo" na kuharibu zoezi zima. Sahihisha, tengeneza kadi za makosa.

Jumatano. Usiguse glikolisisi. Soma somo jingine, au anza kuusoma mzunguko wa Krebsi ukitafuta sababu.

Alhamisi. Karatasi ya tatu, dakika 8. Kisha kadi, mlango wa katikati, dakika 15. Siku hii alama huweza kushuka kidogo kuliko Jumanne. Usiogope wala usirudi kusoma sura nzima. Fungua mstari ule uliokwama tu.

Ijumaa. Pumzika nayo.

Jumamosi. Wawili wawili, dakika 40. Mmoja anauliza akiwa na ukurasa wa kusahihishia, mwingine anasimama ukutani na kipande cha chaki au anasimulia tu. Mkibadilishana, maswali yawe ya "ingekuwaje". Kundi la watu sita halifai. Wawili wanachota na wanne wanatikisa kichwa, na kutikisa kichwa ni kusoma upya kwa masikio.

Jumapili jioni. Karatasi ya mwisho ya wiki, dakika 8, pamoja na swali moja la "ingekuwaje" kwa maandishi. Panga karatasi zote nne za wiki mezani, uone wino mwekundu unavyopungua na mahali ambapo wino huo umekataa kuondoka.

Baada ya hapo glikolisisi inahitaji karatasi moja wiki inayofuata, moja baada ya wiki mbili, moja baada ya mwezi. Dakika 8 kila mara. Ukiingia glukoneojenesisi, hapo utakuwa unaichota tena bila kujua, kwa kuwa zile hatua tatu zisizorudi nyuma ndizo zinazozungukwa kwa vimeng'enya vingine.

Jumla ya wiki ya kwanza haizidi saa tatu na nusu. Yule dada alikuwa ametumia zaidi ya hapo kusoma upya.

## Ukitaka kujipima mwenyewe

Kuna asiyeamini mpaka aone kwake, na ni haki yake. Chukua mzunguko wa urea na mzunguko wa Krebsi, ambao hujaugusa bado wowote. Mmoja usome upya mara tatu kwa wiki, dakika 15 kila mara. Mwingine usome mara moja kwa dakika 15, kisha uuchote na kuusahihisha mara mbili kwa dakika hizohizo. Kaa siku 7 bila kugusa, kisha karatasi tupu kwa yote miwili. Urea ina hatua 5 na Krebsi 8, kwa hiyo linganisha kwa asilimia, na ule mrefu ndio uuchote, isije ukasema kuchota kumependelewa na ufupi.

## Kusoma upya kuna nafasi yake

Sipigi marufuku. Narudi kwenye kitabu katika hali mbili. Ya kwanza, alama chini ya 10 kwa karatasi mbili mfululizo: hapo tatizo si kumbukumbu, hukuielewa hadithi, na kuendelea kujichapa kwa karatasi tupu ni kupoteza wino. Rudi hatua ya 1 ya mwongozo huu, tena ukiwa na mtu wa kumuuliza "kwa nini".

Ya pili, baada ya kuchota. Kusoma ukurasa mara baada ya kushindwa ni kusoma kwa aina nyingine kabisa. Jicho linakimbilia palepale ulipokwama na kuruka mengine.

Usiku wa kuamkia mtihani je? Ukiwa na karatasi zako nne, soma wino mwekundu tu. Dakika 10 zinatosha. Kisha andika karatasi moja ya mwisho kutoka piruvati kupanda mpaka glukosi, funga daftari, ulale. Yule dada alifanya hivyo, akanipigia asubuhi akiwa bado kwenye boda: usiku alikuwa amesahau isomerasi ya triosi, je arudi kufungua kitabu? Nikamwambia aniambie DHAP inaenda wapi. Akanyamaza mpaka boda ikapita taa za barabarani, kisha akasema, "GAP. Halafu mara mbili."